Michirizi ya mvua kwenye renda: nyumba ya Mji Mkongwe katika Blender

Renda yangu ya kwanza ya nyumba iliyokarabatiwa Mji Mkongwe, Unguja, niliijaza michirizi myeusi ukuta mzima. Fundi wa chokaa akaitazama, akauliza, "Haya maji yanatoka wapi?" Sikuwa na jibu. Siku hizi naanza na maji, rangi baadaye.

1. Tafuta njia ya maji. Weka alama kwenye picha za nyumba yenyewe: mlizamu wa paa, bomba linalovuja, kizingiti cha dirisha. Kizingiti kitazame kwa karibu. Kikiwa kimetokeza, ukuta wa chini yake katikati hubaki mkavu. Maji hukimbilia ncha zake mbili na kuteremka hapo. Dirisha moja, michirizi miwili, juu imekolea na chini inafifia.

2. Tengeneza michirizi. Chagua ukuta, bonyeza Ctrl+A kisha Scale, la sivyo vipimo vitakudanganya. Unganisha nodi hivi:

```
Texture Coordinate (Object) > Mapping > Noise Texture > Color Ramp
Mapping Scale: X 1, Y 1, Z 0.05
Noise Scale: 10
```

Z ndogo ndiyo inayovuta madoa yawe marefu kwenda chini. Kisha ingia Vertex Paint, paka ukuta wote mweusi, halafu paka nyeupe pale tu ulipoweka alama. Ukuta uwe umegawanywa vipande vidogo vya kutosha, maana rangi hii hukaa kwenye pointi za modeli. Isome rangi hiyo kwa nodi ya Color Attribute, izidishe na michirizi kwa Math (Multiply), na jibu, yaani maski, liingie Factor ya Mix Color: A chokaa, B kijivu chenye ukijani. Usitumie nyeusi tupu. Weusi ule mara nyingi ni viumbe vidogo kama kuvu na mwani. Roughness iache juu, kama 0.9, kwa sababu mchirizi uliokauka haung'ai.

3. Utando wa kijani. Huu hukaa mguuni mwa ukuta, matone yanaporuka kutoka chini, na kwenye kona zenye kivuli. Nodi ya Ambient Occlusion hukupa kona, lakini itakupa pia dari ya baraza ambako mvua haifiki. Hapo futa kwa mkono.

4. Rangi iliyopauka. Kwenye luva za dirisha, jua hupiga uso wa juu wa kila ubao. Upande wa chini rangi hubaki mbichi. Chukua True Normal kutoka Geometry, pitisha Separate XYZ, tumia Z kuchagua nyuso zinazotazama juu, na hapo shusha Saturation ya nodi ya Hue/Saturation/Value hadi 0.6.

5. Umri wa ukarabati. Lipu iliyopigwa juzi haina michirizi. Zidisha maski ya hatua ya pili kwa nodi moja ya Value: 0 kwa lipu mpya, karibu 0.3 kwa nyumba iliyopita masika mbili. Jicho likiona doa kabla ya kuona dirisha, punguza. Mlango wa zamani ambao mafundi hawakuugusa mpe maski yake, usiipunguze.