Kabla ya Somo Lijalo: Kutoka Sauti ya Mwalimu wa Udereva Hadi Karatasi Moja

Gari likishaegeshwa na handibreki kuvutwa, mwalimu huanza kusema. Kwa dakika saba au nane anataja makosa yako moja baada ya jingine, na wewe, viganja bado vina jasho la usukani, unaitikia tu "sawa, sawa". Ndiyo maana wengi tunarekodi. Taabu huja ukifika nyumbani: unasikiliza, unaandika kila alichosema, unapata orodha ya mambo 14, na wiki inayofuata unaingia garini na yote 14 kichwani. Mimi nilifanya hivyo. Nilizima injini mara tatu kwenye makutano yaleyale, kwa sababu nilikuwa nikikumbuka orodha badala ya kutazama barabara.

Tangu hapo rekodi ya kila somo naifupisha iwe karatasi moja: mambo mawili ya kufanyia mazoezi na makosa mawili ya kuepuka. Kufika hapo kuna mambo ya kuangalia mapema, na la kwanza ni kabla hujabonyeza kitufe chochote. Muombe mwalimu ruhusa. Sauti ni yake, na wapo wasiopenda kurekodiwa. Akikubali, washa simu gari likiwa limesimama, iweke mahali ambapo haitaanguka wala kuteleza hadi kwenye pedali, na usiiguse tena mpaka mwisho wa somo. Rekodi somo zima, siyo maelezo ya mwisho peke yake. Mwalimu akijumlisha mwishoni anasema "mwendo wako kwenye kona si mzuri", lakini ni rekodi ya barabarani inayokuonyesha ubaya huo ulianzia wapi.

La pili ni kujua mapema kile ambacho simu haitakisikia. Haisikii mguu wa mwalimu ukigusa breki ya upande wake, wala mkono wake ukivuta usukani kidogo. Haijui macho yako yalikuwa wapi. Kwa hiyo ukishashuka tu, kabla ya kuongea na mtu, andika kila mahali mwalimu alipoingilia kwa mguu au mkono. Mara nyingi anafanya hivyo kimya, na kimya hicho kina uzito kuliko maneno yote ya somo. Mwalimu akikanyaga breki kwa niaba yako, maana yake aliona hutawahi.

Unapoanza kusikiliza, tenganisha aina za maneno yake. "Barabara ijayo, kushoto" ni maelekezo tu, halina lawama. "Kioo!" likisemwa kabla hujafanya kitu ni ukumbusho, na huu ndio wa kuhesabu. Jambo unalokumbushwa bado si lako, hata kama ukikumbushwa unalifanya vizuri. Katika somo langu la sita mwalimu aliniambia "vizuri" mara tano nilipobadilisha njia, nami nikafurahi. Niliposikiliza tena, mara nne kati ya hizo tano "vizuri" ilikuwa imetanguliwa na "kioo". Basi nililoweza peke yangu lilikuwa moja.

Sasa niingie kwenye penyewe, maana hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Maneno ya mwalimu ni dalili. Anataja kinachoonekana kwa sekunde ile, kisha sekunde inayofuata kinaonekana kingine naye anataja hicho. Ukiandika kila neno kama kosa linalojitegemea, utakuwa na makosa manne ambayo kwa kweli ni moja. Kwa hiyo usipange maandishi yako kwa maneno. Yapange kwa mahali. Chukua kona moja na uandike yote yaliyotokea hapo kwa mpangilio wa sekunde.

Hii ni kona yangu moja, kama ilivyo kwenye rekodi. Dakika ya 14 na sekunde 20 mwalimu anasema, "Barabara ijayo tuingie kushoto." Sekunde ya 25 indiketa inaanza kulia, tik, tik, tik. Sekunde ya 27: "Punguza. Punguza, dada!" Sekunde ya 28 sauti ya injini inashuka ghafla hadi mngurumo wa gari lililosimama, ingawa gari bado linakwenda. Sekunde ya 30: "Umetanua mno, rudi kwenye njia yako." Sekunde ya 33 gari linashtuka, naye anasema, "Gia ya pili, bado uko ya tatu." Kisha, kwa sauti ya chini, "Na kioo hukuangalia."

Ukihesabu lawama ni tano: mwendo, klachi (hakuitaja, lakini injini imeitaja), kutanua kona, gia na kioo. Orodha ya kawaida ingekuwa na mistari mitano hapo, na kila mmoja ungedai mazoezi yake. Lakini tazama sekunde za mwanzo. Tangu nilipoambiwa mpaka indiketa ilipolia zilipita sekunde 5. Nilikuwa kwenye kilomita 40 kwa saa, na kwa mwendo huo gari hupita mita 11 hivi kila sekunde. Nilikuwa nimekwishatumia mita 55 bila kufanya lolote. Nafasi iliyobaki haikutosha kazi zote, na kila kazi ikaiibia mwenzake: kioo kikaachwa, breki ikaja kwa pupa, na kwa kuogopa injini isizime nikakanyaga klachi papo hapo. Klachi ikiwa chini, injini imetengana na magurudumu, haisaidii tena kulizuia gari. Breki inabaki peke yake. Nikaingia kwenye kona na mwendo mkubwa, ndiyo maana nikatanua. Nilipoachia klachi bado niko gia ya tatu na mwendo umekwisha kupungua, ndipo likashtuka.

Utajuaje kwamba chanzo ni kuchelewa na si udhaifu wa mguu wa klachi? Tafuta kona iliyopita kimya. Kwenye rekodi ileile, dakika ya 31, kuna kona ya namna hiyohiyo ambayo mwalimu hakusema neno. Indiketa ililia sekunde 2 baada ya maelekezo. Sauti ya injini ilishuka polepole pamoja na mwendo, gia ikaingia, injini ikapanda kidogo klachi ilipoachiwa, kisha kona. Mguu ni uleule, klachi ni ileile. Kilichobadilika ni nilipoanza. Kama ungekuta hata ulipoanza mapema injini inashuka ghafla vilevile, hapo ungekuwa na haki ya kuandika klachi kama tatizo lake lenyewe. Bila kulinganisha namna hii unabahatisha tu.

Kwa hiyo mstari wa kwanza wa mazoezi kwenye karatasi yangu haukuwa "kuboresha kona", maneno ambayo hayamwambii mguu wala mkono la kufanya. Uliandikwa hivi: "Nikiambiwa nigeuke, kioo cha kati, kioo cha upande wa kona, indiketa, vyote ndani ya sekunde 2. Kisha breki gari likiwa bado kwenye gia. Gia ya pili usukani ukiwa umenyooka. Klachi imekwisha kuachiwa kabla ya kukata kona." (Kama kuna njia nyingine kabla ya ile unayoiendea, indiketa husubiri mpaka uipite, la sivyo utamdanganya anayetaka kutoka pale.) Na upande wa makosa: "Klachi chini huku usukani unageuka. Dalili: injini inanguruma kama gari limesimama, na gari linakwenda." Kosa lisilo na dalili yake ubavuni halifai kuandikwa, kwa sababu ukiwa barabarani hutajua kama umelifanya.

Kuchagua mstari wa pili kunataka uamuzi mgumu kidogo. Kishawishi ni kuchukua lile lililotajwa mara nyingi zaidi. Kwangu lilikuwa kuingiza gia kwa nguvu, mara tisa. Kugeuza kichwa na kutazama kando kabla ya kubadilisha njia, lile eneo ambalo kioo hakilioni, kulitajwa mara moja tu. Lakini ile mara moja mwalimu alishika usukani, maana pikipiki ilikuwa pembeni yetu. Gia ya nguvu inachosha gari; kutotazama kunaua. Hatari itangulie hesabu. Gia iliingia kwenye daftari kusubiri zamu yake.

Maneno yanayopingana yasikusumbue. Mwalimu wangu alisema "ongeza" na "punguza" ndani ya dakika moja, na kwenye jaribio la kwanza nikaandika "mwendo haueleweki". Kumbe la kwanza lilikuwa tukiingia barabara kuu, ambako magari nyuma yalikuwa yanakuja kasi, na la pili lilikuwa kabla ya kivuko cha waenda kwa miguu. Andika neno pamoja na mahali pake, mgongano unaisha.

Fanya ufupisho huu siku ileile au kesho yake, ukiwa bado unakumbuka kona ipi ilikuwa na mti na ipi ilikuwa na lori lililoegeshwa. Baada ya siku nne sauti inabaki, picha imekwenda. Kisha, kabla ya somo lijalo, mstari wa gia na klachi unaweza kuuzoea kwenye gari lililozimwa na kuvutwa handibreki: klachi chini, ya tatu kwenda ya pili, klachi juu, taratibu. Mpangilio wa vioo na indiketa unaweza kuutaja kimoyomoyo ukiwa abiria, kila dereva wako anapokaribia kona. Barabarani usiende kuujaribu bila msimamizi, na usisikilize rekodi ukiwa kwenye usukani.

Karatasi yangu nilimpa mwalimu kabla hajafunga mkanda. Aliisoma, akatikisa kichwa kwa ule mstari wa sekunde 2, kisha akaniomba kalamu. "Hapa umepata kuwa unachelewa," alisema, "lakini hujapata kwa nini. Kila nikikuambia geuka, unainama kutazama gia kwanza." Simu haikuwa imelisikia hilo. Akaandika chini kwa herufi kubwa: MACHO MBELE, MKONO UNAIJUA GIA. Nikawasha gari.