Kabla Hujaingia Darasani Kufundisha Kushi: Utawala wa Misri na Chuma cha Meroe

Katika vitabu vingi vya historia tunavyotumia Afrika Mashariki, Kushi, ufalme wa kale wa bonde la Naili, hupewa aya moja au mbili. Sentensi moja inasema Wakushi waliwahi kuitawala Misri, inayofuata inasema mji wao wa Meroe ulisifika kwa kufua chuma, na mwanafunzi anatoka darasani akiamini kwamba chuma ndicho kilichowapa Misri. Nami nilifundisha hivyo kwa muda, mpaka mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliponiuliza: jeshi la Piye, mfalme wa Kushi aliyeishinda Misri, lilipigana kwa silaha za nini? Swali hilo ndilo lililonifanya nilipange somo upya. Haya ndiyo ninayoyaweka sawa kabla ya kushika chaki.

La kwanza ni ramani, na ichore mwenyewe ubaoni. Naili hutiririka kutoka kusini kwenda kaskazini, kwa hiyo Naili ya juu iko chini kwenye karatasi. Usipolisema hilo mapema, kila utakapotaja "juu" wanafunzi watatazama upande wa Bahari ya Kati. Weka alama kwenye maporomoko sita, yaani sehemu ambazo mto unapasuka kati ya miamba na vyombo haviwezi kupita kwa urahisi. Huhesabiwa kutoka Aswani kwenda kusini. Mji wa kwanza mkubwa wa Kushi, Kerma, ulikuwa karibu na poromoko la tatu. Napata, chini ya mlima Jebel Barkal, ulikuwa karibu na la nne. Meroe ulikuwa kati ya la tano na la sita, kama kilomita 200 kaskazini mashariki mwa Khartoum ya leo. Mwanafunzi akishaona jinsi kitovu cha ufalme kilivyosogea kusini, hatauchanganya mji wa wafalme walioitawala Misri na mji wa wahunzi.

Jiandae pia kwa swali la majina, maana litakuja. Wayunani waliwaita watu hawa Waethiopia, lakini nchi yenyewe ni Sudan ya leo, wala si Ethiopia. Anayesoma Biblia atakumbuka Tirhaka mfalme wa Kushi katika Wafalme wa Pili. Huyo ni Taharka, farao halisi, ambaye sanamu na maandishi yake yapo hadi leo. Atakumbuka pia Kandake katika Matendo ya Mitume. Hilo halikuwa jina la mtu mmoja bali cheo cha wanawake wa ukoo wa kifalme wa Meroe, na walikitumia wengi.

Sasa miaka. Andika mistari miwili ubaoni, mmoja chini ya mwingine. Wa juu ni utawala wa Misri: unaanza katikati ya karne ya 8 KK na unakwisha mwaka 656 KK. Wa chini ni uzalishaji wa chuma Meroe: vipimo vya mkaa uliokutwa kwenye marundo ya taka za wahunzi vinaonyesha kazi hiyo ilikuwapo tangu karne ya 7 KK hivi, ikaendelea hadi karibu karne ya 6 BK. Mistari hiyo inagusana kwenye ncha tu. Mwaka ambao Wakushi walipoteza Misri, kazi ya chuma ya Meroe bado ilikuwa na zaidi ya miaka elfu moja ya kuendelea.

Basi Misri ilitwaliwa kwa nyenzo gani? Hapa msimulie Piye kwa kituo, kwa sababu mwenyewe alituachia habari kwenye bamba kubwa la jiwe lililopatikana Jebel Barkal mwaka 1862. Misri ya wakati huo haikuwa nchi moja. Ilikuwa imegawanyika baina ya watawala wadogo wadogo, huku Wakushi wakiwa tayari na nguvu Thebe kusini, ambako dada yake Piye, Amenirdisi, alikuwa amepokewa kama mrithi wa kuhani mkuu wa kike wa mungu Amuni. Kaskazini, mtawala wa Sais aliyeitwa Tefnakht alianza kuwameza wenzake na kusonga kusini. Nimlot, mtawala wa Hermopoli, akahamia upande wake. Kiasi cha mwaka 728 KK Piye alituma jeshi, akiliagiza lioge na kujitakasa kwa Amuni likifika Thebe kabla ya kupigana. Jeshi lilishinda vita vya mtoni lakini likawaacha maadui wakaponyoka, naye akashuka mwenyewe.

Hermopoli aliuzingira kwa tuta la udongo na mnara wa mbao ambao wapiga mishale wake walipanda juu yake. Njaa ilipobana, mke wa Nimlot akatumwa kuwabembeleza wanawake wa nyumba ya Piye. Mji ukasalimu amri. Piye akaingia kwenye mazizi ya Nimlot, akakuta farasi wamedhoofika kwa njaa, na jiwe linaeleza kwamba jambo hilo lilimuuma kuliko makosa mengine yote ya mwenyeji wake. Wanafunzi hucheka hapo. Waache wacheke, kisha waambie kwamba farasi walikuwa nguvu ya jeshi la Kushi, na kwamba huko El-Kurru, kwenye makaburi ya ukoo wa Piye, farasi walizikwa karibu na mabwana wao.

Memfisi ilikuwa kazi ngumu zaidi, kwa sababu kuta zilikuwa zimeongezwa kimo. Lakini maji ya mto yalikuwa yamepanda upande wa mashariki hadi mashua zilifungwa kwenye nyumba za watu. Piye akaona mlango pale ambapo wenyeji waliona kinga. Akavikamata vyombo vyote bandarini, akavisogeza ukutani, na askari wake wakaingia kwa kutumia mashua kama ngazi. Tefnakht baadaye aliapa kumtii, naye Piye akapakia mali na kurudi nyumbani kusini. Waliomfuata ndio waliohamia Misri wakatawala wakiwa huko. Hesabu na wanafunzi kilichoshinda: mgawanyiko wa adui, heshima ya Amuni iliyowapa Wakushi kibali Thebe, farasi, mishale, mashua. Chuma hakihitajiki katika maelezo hayo.

Kuondoka kwao ni kwa haraka zaidi. Waashuri, waliokuwa na jeshi la kudumu, silaha nyingi za chuma na ujuzi wa kubomoa kuta, waliiteka Memfisi mwaka 671 KK chini ya mfalme wao Esarhadoni. Taharka alirudi, akafukuzwa tena. Mrithi wake Tanutamani alijaribu mara ya mwisho, na mwaka 663 KK Waashuri wakaipora Thebe. Hapa kuna mtego wa pili. Vitabu vya zamani husema Wakushi walijifunza chuma kutokana na kipigo hicho. Miaka inakaribiana kiasi cha kushawishi, lakini kukaribiana kwa miaka si ushahidi wa kufundishwa. Usiliandike ubaoni kama jambo lililothibitishwa.

Sehemu inayotaka maandalizi zaidi ni chuma chenyewe, na shida inaanzia kwenye lugha yetu. Tunasema "kuyeyusha chuma", na mwanafunzi anaona chuma kikimiminika kama uji. Katika tanuri la Meroe chuma hakikumiminika. Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzijoto 1538 hivi, na tanuri la udongo lenye mkaa hufanya kazi kwenye 1200 hivi. Kinachotokea ni kwamba mkaa unaoungua bila hewa ya kutosha hutoa gesi inayoinyang'anya madini oksijeni yake, na chuma hubaki kama chembe laini zinazoshikana kuwa donge lenye vitundu kama sifongo. Kinachoyeyuka ni mawe na uchafu uliochanganyika na madini. Huo ndio hutiririka, hupoa, na kuwa mavi ya chuma. Donge hutolewa likiwa jekundu na kugongwa nyundo tena na tena ili uchafu uliobaki ndani yake utoke. Mpaka hapo bado hakuna jembe wala mkuki.

Wapitishe kwenye kazi hiyo kwa mpangilio wa Meroe. Madini yalichimbwa kwenye vilima vya mchanga-mwamba mashariki ya mji, ambavyo vina tabaka la mawe mekundu yenye chuma. Mkaa ulitoka hasa kwenye mgunga wa kando ya mto, ambao mti wake ni mgumu na mkaa wake unashika moto kwa muda mrefu. Matanuri yaliyofukuliwa na kundi la mwanaakiolojia Peter Shinnie kuanzia miaka ya 1960 yalikuwa ya matofali, ndani ya karakana, yakizungukwa na mivukuto ya vyungu vilivyofunikwa ngozi. Hewa ilipita kwenye mabomba ya udongo hadi katikati ya moto. Mivukuto haikutakiwa kusimama. Hewa ikipungua, joto hushuka, uchafu unaganda ndani na kuziba mabomba, na kazi ya saa nyingi inaharibika. Hewa ikizidi karibu na mdomo wa bomba, chuma kilichokwisha kupatikana huungana tena na oksijeni, kikapotelea kwenye mavi ya chuma.

Ukiweza kupata kipande cha mavi ya chuma, njoo nacho pamoja na sumaku. Kipande cha kweli ni kizito kuliko jiwe la ukubwa huo, ni cheusi au cha kijivu, na mara nyingi uso wake una mikunjo ya kitu kilichotiririka. Sumaku hukivuta kidogo au haikivuti kabisa. Kikishikwa kwa nguvu, huenda kina chuma kilichobaki ndani. Marundo ya vipande kama hivyo Meroe ni vilima, na reli ya Sudan imepita katikati ya kimojawapo.

Kutokana na marundo hayo msomi mmoja Mwingereza, mwanzoni mwa karne ya 20, aliifananisha Meroe na mji wa viwanda wa Birmingham, na sifa hiyo ikazaa madai mawili ambayo nashauri uyapunguze. La kwanza ni kwamba Meroe ilikufa kwa kumaliza miti yake. Mkaa uliochunguzwa unaonyesha mgunga ule ule ukitumika karne baada ya karne, na uzalishaji uliendelea hata baada ya ufalme kusambaratika katika karne ya 4 BK. La pili ni kwamba Meroe ndiyo iliyosambaza chuma Afrika yote iliyobaki. Mpe mwanafunzi ramani aangalie mwenyewe. Taruga huko Nigeria palikuwa na matanuri kabla ya Kristo. Hapa kwetu Kagera, upande wa magharibi wa Ziwa Victoria, mabaki ya Katuruka nayo ni ya karne za mwisho kabla ya Kristo, na tanuri lao lilijengwa kwa namna nyingine: shimo lililopangwa chini, shina la udongo juu yake, majani yakichomwa ndani kabla ya kuwekwa madini. Wazee wa Kihaya waliowaonyesha watafiti kazi hiyo katika miaka ya 1970 hawakuwa wakikumbuka Meroe. Walikuwa wakikumbuka babu zao.