Kuhesabu makopo yaliyopangwa pembetatu bila kuyashusha

Kila mwisho wa mwezi nahesabu mali dukani, na makopo ya nyanya huwa yamepangwa pembetatu ukutani. Huwa siyashushi. Nayahesabu yakiwa palepale, hivi:

Hatua ya 1: Tazama yalivyokaa. Kila kopo la juu liwe limekanyaga makopo mawili ya chini. Makopo 12 yaliyoshikana yana maungio 11, ndiyo maana safu ya pili inabeba 11, inayofuata 10, mpaka moja kileleni. Kama kuna mahali kopo limewekwa juu ya kopo moja tu, safu haipungui na hesabu hii haifai. Chungulia na ubavuni pia, maana nyuma huenda kuna pembetatu nyingine.

Hatua ya 2: Hesabu safu ya chini, kisha idadi ya safu. Zote mbili zikiwa 12, pembetatu imekamilika. Safu zikiwa chache, kilele kimeshauzwa; nenda hatua ya 4.

Hatua ya 3: Jumlisha safu. Usianze 12 + 11 + 10 ukaenda hivyo mpaka mwisho. Oanisha ya chini kabisa na ya juu kabisa: 12 + 1 ni 13. Zinazofuata, 11 + 2, nazo ni 13. Utapata jozi 6 za 13, yaani makopo 78. Kwa ufupi ni 12 × 13 ÷ 2.

Hapa ndipo nilipowahi kukosea. Nilipiga 12 × 12 ÷ 2 nikapata 72, nikamsumbua kijana wa dukani kwa makopo 6 ambayo hayakupotea. Chukua pembetatu mbili kama hizo, moja uipindue kichwa chini na kuiegemeza kwa mwenzake: safu ya 12 inapata 1, ya 11 inapata 2, na kila safu inakuwa na makopo 13. Hiyo 13 ndiyo niliyoisahau.

Hatua ya 4: Kama kilele hakipo. Tuseme chini kuna 12, juu kabisa 5, na safu ni 8. Jumlisha chini na juu, zidisha kwa safu, gawanya kwa 2: 17 × 8 ÷ 2 = 68. Hakikisha kwa kutazama kilichoondoka: 1 + 2 + 3 + 4 ni 10, na 78 kutoa 10 ni 68. Safu ya juu ikiwa imeliwa nusu, iache kwanza, kisha ongeza makopo yake mwishoni.

Hatua ya 5: Kupanga upya. Una katoni 4 za makopo 24, jumla 96. Uanze na mangapi chini? Zidisha 96 kwa 2, upate 192, kisha tafuta namba mbili zinazofuatana ambazo zikizidishwa hazivuki hapo. 13 × 14 ni 182; 14 × 15 ni 210, imezidi. Basi anza na 13: yatapanda makopo 91, na 5 yatabaki ya kuweka kaunta. Ukianza na 14, utapungukiwa makopo 9 kabla ya kufika kileleni.