Cherehani inakimbia kasi moja tu: fungua mota kabla hujanunua pedeli nyingine

Somo hili ni la cherehani nyeusi iliyofungiwa mota ndogo ya pembeni, ile ya mkanda, na pedeli ya kukanyaga. Ukigusa pedeli kidogo tu, inaondoka kasi yote.

Majuzi nililetewa moja kutoka Tandika. Mama mwenyewe anashona sare za shule, na alikuwa ameshanunua pedeli mbili Kariakoo. Kila moja ilimfaa kama wiki mbili, kisha ugonjwa ukarudi. Pedeli zilikuwa zimekufa kweli, ila aliyeziua alikuwa kwenye mota.

Hatua ya 1: ijue pedeli yako. Chomoa plagi ukutani, usitegemee swichi. Fungua skrubu za chini. Ukikuta kigae cheupe chenye matundu yaliyojaa visahani vya kaboni, ni pedeli ya zamani. Ukikuta kibao cha saketi chenye kidude cheusi cha miguu mitatu, ni ya elektroniki. Ya Tandika ilikuwa hii ya pili, na kidude kimeandikwa BT136. Hiyo ndiyo triaki. Inakatakata umeme ili mota iende taratibu.

Hatua ya 2: pima. Weka mita kwenye omu. Maandishi ya triaki yakikutazama na miguu ikiwa chini, hesabu kutoka kushoto, upime mguu wa 1 na wa 2. Triaki nzima haipitishi, hata ukigeuza nyaya za mita. Hii ilisoma chini ya omu 1: imeungana ndani, imekuwa waya mtupu. Cherehani ilikuwa inasimama mama akiinua mguu kwa sababu tu pedeli ile ina kiswichi kinachokata mwanzoni.

Kwa pedeli ya kaboni, pima kwenye nyaya zake mbili. Bila kukanyaga isisome kitu. Ukikanyaga polepole omu zishuke kidogo kidogo hadi karibu na sifuri. Ikiruka moja kwa moja hadi sifuri, visahani vimelika au kibati cha mwisho kimepinda na kinagusa mapema.

Hatua ya 3: hapa ndipo wengi hawafiki. Toa mkanda, pima nyaya mbili za mota huku ukizungusha shafti kwa vidole. Mota nzima ya aina hii husoma makumi ya omu, pengine mia na kidogo, na namba hutikisika kidogo tu. Ya mama ilisoma 70, ikashuka 15, ikapotea kabisa, ikarudi.

Nikafungua vifuniko viwili vya pembeni na kutoa kaboni. Moja ilikuwa nzima. Nyingine imebaki milimita 4, kona imemeguka, na springi yake imelegea. Chini ya milimita 6 hivi mimi sirudishi. Amecha nayo, pale kaboni zinapokanyaga vipande vya shaba, ilikuwa na utando mweusi unaonata. Mama alikuwa anadondoshea mota mafuta ya cherehani kila Jumamosi, akidhani anaitunza! Mafuta yakachanganyika na unga wa kaboni, yakaziba mifereji kati ya shaba na shaba, umeme ukapata njia ya mkato. Mota ikawa inavuta umeme kupita kiasi, na triaki ndiyo ikalipa.

Nilifuta kwa spiriti, nikapitisha msasa laini sana, nikasafisha kila mfereji kwa kijiti cha meno, nikaweka kaboni mpya mbili pamoja na springi zake. Omu zikatulia kwenye 70. Ndipo nikabadilisha triaki. Kabla ya kurudisha mota, nilifunga balbu ya wati 60 mahali pake, ile ya zamani ya uzi, na ikawaka taratibu kadiri nilivyokanyaga.

Maswali ya wanachama

*Mbagala:* Shikamoo fundi. Yangu haikimbii, inashtukashtuka. Nianzie wapi?

Marahaba. Angalia inashtuka lini. Ikishtuka mguu ukiwa palepale kila mara, ni njia ya potenshiometa iliyolika ndani ya pedeli. Ikishtuka ukisogeza waya, umekatika ndani ya mpira, mara nyingi karibu na plagi. Isipofuata mpango wowote, na cheche kubwa zinaonekana kwenye mota, rudi hatua ya 3.

*Ilala:* Nimenunua ya mtumba kutoka Japani. Inakimbia kama imechanganyikiwa na inanuka.

Chomoa sasa hivi, usome kibati chake. Kikisema 100V, pedeli haina kosa. Umeme wetu ni volti 230. Tafuta transfoma ya kushusha hadi 100, yenye wati zaidi ya zilizoandikwa hapo.

*Kigamboni:* Pedeli ya zamani, nikiinua mguu mota inaendelea kunguruma polepole.

Kapasita iliyofungwa sambamba na kaboni inavuja. Ikate mguu mmoja ujaribu. Mota ikinyamaza, weka mpya ya aina ileile. Bila hiyo utashona, ila redio ya jirani itakoroma.