Tikisa goli kabla ya kipindi cha michezo
Walimu wenzangu wa Mbeya, mvua zikikatika, ukaguzi wa uwanja uanzie kwenye magoli. Nguzo ya mkaratusi huoza pale inapoingia ardhini, huku juu ikionekana nzima kabisa. Isukume kwa mikono miwili, macho yakiwa chini: udongo ukiachia, au msumari ukizama kirahisi kwenye mti, watoto wasikaribie hapo mpaka nguzo ibadilishwe. Kushindilia mawe hakuponyi mti uliooza.

Umande ukikauka, maana nao humeta kama kioo, pita uwanja mzima kwa mistari, ukilielekea jua, uone vipande vya chupa. Viokote mwenyewe kwa koleo, usiwatume wanafunzi. Penye udongo wa fuko, kanyaga kwa kisigino. Kikizama, jaza na ushindilie.