Jumla kubwa isikufiche alama ya 1

Unapolinganisha njia kadhaa za kipato kwa kuzipa alama 1 hadi 5 katika muda, mtaji, afya na ujuzi, usikimbilie jumla. Anza kwa kuondoa kila njia iliyopata 1 popote, kwa sababu ujuzi mwingi haufidii mgongo usiostahimili kazi. Tuchukue fundi cherehani mwenye maumivu ya mgongo: kushona kunapata 4, 5, 1 na 5, yaani 15, huku kufundisha jioni kukipata 14, kutafsiri nyaraka 13 na kufuga kuku 12, zote tatu bila alama iliyo chini ya 3. Kushona kunaondoka ingawa kunaongoza, na hilo ndilo gumu zaidi kulikubali. Kufundisha kunabaki. Kabla ya kuchagua njia ya pili, zipe upya zilizosalia alama ya muda kana kwamba ya kwanza imekwisha kuanza: kutafsiri, kunakotegemea jioni zilezile, kunashuka kutoka 3 hadi 1, ilhali kuku, ambao anaweza kuwahudumia alfajiri na adhuhuri, wanabaki na 12 yao. Alama ya afya nayo iandikwe kwa kufikiria wiki mbaya, si siku uliyoamka na nguvu.