Kukagua leja ya kikoba kabla ya kuvunja

Vikoba vingi hapa Moshi huvunjwa Desemba, watu wakiwazia Krismasi na ada za Januari. Ukiombwa kukagua, usikubali kufanya siku ileile ya mgao, maana mtu aliyekwisha panga hela yake hasikilizi hesabu. Kaa wiki moja kabla na katibu na mweka hazina, leja na vitabu vyote vya wanachama vikiwa mezani.

1. Hisa. Hesabu mihuri kwenye kila kitabu, kisha linganisha na leja. Tuchukue mfano wa kikundi chenye hisa 2,400 za shilingi 5,000, yaani 12,000,000. Kiasi cha hisa kisichogawanyika kwa 5,000 kimekosewa tu. Mfuko wa jamii uhesabu peke yake, usiuchanganye na faida.

2. Mikopo. Hapa usiwe na haraka. Kila rejesho lina sehemu mbili: mama akileta 110,000, labda 100,000 inapunguza mkopo na 10,000 ni riba. Katibu akiziandika zote safu ya mkopo, riba ya kikundi inapungua kimyakimya. Utaligundua kosa hilo kwenye mikopo iliyokwisha: marejesho ya mkopo yatazidi kiasi alichokopeshwa.

3. Sanduku. Kwenye mfano wetu riba ni 1,740,000 na faini 60,000. Mwanachama mmoja bado anadaiwa 220,000, pamoja na riba yake ya 20,000 ambayo imeshaingizwa kwenye ile riba ya 1,740,000. Hakuna matumizi yaliyotoka.

```
hisa + riba + faini - madeni = fedha sandukuni
12,000,000 + 1,740,000 + 60,000 - 220,000 = 13,580,000
```

Tuseme sanduku limefunguliwa, zimo 13,470,000. Zimepungua 110,000. Kabla ya kumtazama mtu vibaya, tafuta kiasi hichohicho kwenye leja: mara nyingi ni rejesho lililotumwa kwa simu, likaandikwa, ila halijatolewa kwa wakala na kutiwa sandukuni. Tofauti ikigawanyika kwa 9, tafuta tarakimu zilizopishana, kama 54,000 badala ya 45,000.

4. Mgao. Gawanya 13,800,000 (hisa, riba na faini) kwa hisa 2,400. Kila hisa sasa ni 5,750. Wapo watakaotaka faida igawanywe sawa kwa vichwa. Kama katiba yenu haisemi hivyo, kataa, kwa sababu fedha iliyokopeshwa ni ya mwenye hisa.

Yule mdaiwa ana hisa 130, hivyo stahili yake ni 747,500. Kata 220,000, anaondoka na 527,500. Wengine wapige vivyo hivyo, kila mmoja aone hesabu yake kitabuni kabla hajasaini. Kisha jumlisha malipo yote ya mkononi: lazima yafike 13,580,000 kamili. Yakizidi, yupo mtu ambaye deni lake halijakatwa.